Shajara ya mradi: madaftari ya kliniki ya sukari kuwa jedwali moja

Kazi ni hii: kuchukua madaftari ya kliniki ya Mama Mkubwa na kuyageuza kuwa jedwali moja ambalo daktari anaweza kulisoma akiwa na foleni ya wagonjwa mlangoni. Mama Mkubwa yuko kwenye miaka ya sitini, anaishi Igoma hapa Mwanza, ana sukari aina ya pili pamoja na presha. Ameniruhusu niandike habari zake kwa sharti kwamba jina lake lisiwemo. Naandika kila hatua inapokamilika, ili mwenye mzazi anayehudhuria kliniki aweze kuifuata kwa mgonjwa wake.

Jumamosi, 11 Januari 2025: vyanzo

Nimekusanya vitu vitatu. Cha kwanza ni daftari la kliniki, kaunta buku ambalo kila ziara ina muhuri wenye nafasi ya sukari, presha na uzito, na chini yake mwandiko wa daktari. Cha pili ni daftari dogo la nyumbani ambamo mjukuu wake huandika namba za mashine ya kupimia sukari. Cha tatu ni mfuko wa rambo uliojaa maboksi na pakiti tupu za dawa. Dada alitaka kuutupa, nikamwomba auache. Pakiti za duka la dawa zimeandikwa kwa kalamu tarehe ya kununua na "kutwa mara mbili", na hizo tarehe hazipo mahali pengine popote.

Naanza na mwaka 2024 peke yake. Programu ni Google Sheets kwenye simu. Safuwima za kwanza: tarehe, sukari, presha, uzito, dawa. Nimepiga picha kila ukurasa wa daftari na kuandika namba ya ukurasa kwa penseli pembeni. Hiyo namba ya ukurasa nimeiingiza pia kwenye jedwali.

Gharama hadi sasa: bando la shilingi 3,000.

Jumapili, 12 Januari: tarehe zilizogeuka bila kelele

Grafu ya kwanza ya sukari ilikuja kama msumeno, na mwezi wa Februari ulikuwa na ziara tatu. Kliniki yake ni Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo hata ziara mbili ndani ya mwezi mmoja haziwezekani.

Sababu ni kwamba jedwali jipya lilikuwa limewekwa kwa utaratibu wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Niliandika 02/04/2024 nikimaanisha tarehe 2 Aprili, programu ikasoma 4 Februari. Kwa kawaida kosa la namna hii hujitokeza lenyewe, maana ukiandika 23/04/2024 programu haipati mwezi wa 23 na inaliacha kama maandishi tu. Lakini Jumanne ya kwanza ya mwezi haiwezi kuzidi tarehe 7. Ziara zote za mwaka zina siku ndogo, zote zikageuzwa, na hakuna hata moja iliyolalamika. Mgonjwa yeyote ambaye kliniki yake huwa wiki ya kwanza ya mwezi yumo kwenye hatari hii.

Kubadili nchi kwenye mpangilio wa Locale baada ya kuingiza data hakuponyi kitu. Tarehe zimeshahifadhiwa zikiwa mbovu, na kinachobadilika ni mwonekano wake tu. Dawa ni kuzifuta na kuziandika upya zikianza na mwaka: 2024-04-02. Mpangilio huo haugeuzwi.

Ukaguzi nilioongeza ni wa siku ya wiki. Ziara zote lazima ziangukie Jumanne, na programu huhesabu Jumapili kuwa 1, basi Jumanne ni 3:

```
=IF(WEEKDAY(A2)=3,"","ANGALIA")
```

Kabla ya kuziandika upya niliipitisha fomula hii kwenye tarehe zile mbovu, nione kama ingezikamata. Ilikamata zote isipokuwa moja: ziara ya tarehe 3 Desemba ilikuwa imesomwa 12 Machi, na 12 Machi 2024 nayo ilikuwa Jumanne. Hapo ndipo namba ya ukurasa iliposaidia. Ukurasa wa mwisho wa mwaka hauwezi kuwa na tarehe ya Machi. Kwa hiyo vigezo ni viwili: siku iwe Jumanne, na tarehe ipande kadiri kurasa zinavyopanda.

Jumamosi, 18 Januari: namba 61

Leo kazi yote imekuwa juu ya namba moja.

Kwenye daftari la nyumbani, tarehe 22 Mei 2024, mjukuu ameandika "61, saa 5 asubuhi". Hakuna kizio. Kuna njia mbili za kuisoma, na kila moja inasimulia habari tofauti kabisa. Inaweza kuwa 6.1 iliyopotewa na nukta, kipimo kizuri tu, tena kinachofanana hasa na kile cha kliniki cha tarehe 7 Mei ambacho nacho kilikuwa 6.1. Au inaweza kuwa 61 kamili kwa kizio cha mg/dL.

Kliniki zetu huandika sukari kwa mmol/L. Mashine za nyumbani zinakuja za aina zote mbili, kulingana na zilikotengenezewa. Kutoka mg/dL kwenda mmol/L unagawanya kwa 18, na 61 ukiigawanya unapata 3.4. Sukari iliyo chini ya 3.9 inahesabiwa kuwa imeshuka. Basi swali lilikuwa: saa tano ile, Mama Mkubwa alikuwa salama au alikuwa ameishiwa sukari mwilini?

Nilikwenda Igoma kuiangalia mashine yenyewe. Kwenye kioo, chini ya namba, kuna maandishi madogo sana: mg/dL. Mashine inatunza vipimo vya nyuma, na ukibonyeza kitufe cha kumbukumbu unarudi nyuma kimoja kimoja. Tarehe za ndani hazikusaidia, kwa sababu betri ilipobadilishwa hakuna aliyeweka saa upya. Lakini mfuatano wa namba ulilingana na daftari: 118, halafu 61, halafu 133. Hapo shaka ikaisha. Ni 6.6, kisha 3.4, kisha 7.4.

Nikamuuliza kama anakumbuka saa tano za aina hiyo.

"Mwanangu, hizo mbona nyingi," akasema. "Mikono inatetemeka, jasho linanitoka kama nimetoka ziwani. Ndiyo maana siku hizi saa nne sikosi michembe yangu na chai ya sukari."

Hakuwahi kumwambia daktari kwa sababu alidhani ni uzee. Nimeyaandika maneno yake yote kwenye safuwima mpya ya "maelezo ya mgonjwa".

Marekebisho ya jedwali: sukari sasa ina safuwima tatu badala ya moja. Ya kwanza, D, ni namba kama ilivyosomeka kwenye kioo, bila kuigusa. Ya pili, E, ni kizio. Ya tatu inahesabiwa:

```
=IF(D2="","",IF(E2="mg/dL",ROUND(D2/18,1),D2))
```

Namba ya asili usiifute kamwe. Ukibadilisha kichwani na kuandika jibu tu, mwezi ujao hutajua ni zipi zilibadilishwa na zipi hazikubadilishwa. Na mashine ikiandika "HI", usibuni namba. Acha nafasi wazi, andika HI kwenye maelezo.

Nimeongeza pia safuwima ya nne inayosema alikuwa katika hali gani alipopimwa: bila kula, baada ya kula, au haijulikani. Ziara ya 2 Aprili ina 12.6, na nilipomuuliza akakumbuka kwamba siku ile alichelewa, akanywa chai na chapati pale nje kabla ya kupimwa. Namba hiyo haiwezi kukaa mstari mmoja wa grafu na 7.8 ya Machi aliyopimwa akiwa hajala tangu usiku. Sasa grafu inachora za "bila kula" peke yake. Zisizojulikana zinabaki kwenye jedwali, kwenye grafu haziingii.

Gharama: boksi la vijiti 50 vya kupimia, shilingi 30,000. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na itajirudia.

Jumamosi, 25 Januari: presha na uzito

Hapa sikukawia. Presha ikiandikwa 138/84 ndani ya kisanduku kimoja, programu inaiona kama maneno na haiwezi kuichora, kwa hiyo imegawanywa: ya juu kivyake, ya chini kivyake. Kwenye kurasa chache kuna presha mbili za siku moja, ya kwanza kubwa, ya pili amepimwa baada ya kukaa na kutulia. Nimeingiza ya pili na kuitaja ya kwanza kwenye maelezo.

Uzito umenisumbua sehemu moja tu. Mwezi mmoja mizani ya kliniki ilikuwa imeharibika na wakapimiwa chumba kingine. Ziara hiyo nimeiwekea alama ya nyota. Badiliko la kilo moja kati ya mizani mbili halina maana. Linaloangaliwa ni mwelekeo wa miezi kadhaa kwenye mizani ile ile, na mwelekeo wake ni wa kupanda. Aprili alikuwa na kilo 77.1, Desemba 80.8. Anasema chakula ni kile kile, ugali wa muhogo na dagaa, sato siku ya mnada.

Jumamosi, 1 Februari: dawa ziko mstari usio wake

Hili ndilo tatizo lenyewe la mradi, na mengine yote yalikuwa maandalizi yake.

Daftari la kliniki linaandika kwenye ukurasa mmoja sukari ya leo na dawa za leo. Ukinakili hivyo hivyo, jedwali linakuwa na sukari na dawa kwenye mstari mmoja, na jicho linasoma kwamba dawa hizi zimezaa sukari hii. Sivyo. Sukari aliyopimwa leo asubuhi ni kazi ya dawa alizomeza mwezi uliopita. Dawa alizoandikiwa leo zitaonekana kwenye ziara ijayo. Tarehe 2 Aprili ana 12.6, na mstari huo huo una glibenklamaidi 5 mg iliyoanza siku hiyo. Asiyejua ataona dawa mpya imepandisha sukari.

Jaribio la kwanza lilikuwa kusogeza dawa mstari mmoja chini. Lilifanya kazi hadi Julai, likavunjika. Julai 2 sukari bila kula ni 10.9, wakati Juni 4 ilikuwa 5.2, na daftari linaonyesha dawa zile zile. Nikarudi kwenye mfuko wa rambo. Pakiti za metformini zinaruka: kuna iliyonunuliwa Mei, halafu hakuna kitu hadi Julai 2. Dada akathibitisha kwamba dawa iliisha tarehe 15 Juni, ikakosekana walikozoea kuichukua, na hela ya kununua kwingine haikupatikana mwezi ule. Glibenklamaidi ilikuwepo, akaendelea nayo peke yake.

Kwa hiyo kilichoandikwa na kilichomezwa ni vitu viwili. Nimezitoa dawa kwenye jedwali la ziara na kuzipa karatasi yake inayoitwa Dawa. Kila kipindi cha kumeza kina mstari wake: jina, dozi, kuanzia, hadi. Dozi ikibadilika, mstari wa zamani unafungwa na mpya unaanza. Dawa ikikatika dukani, mstari unafungwa pia.

| Dawa | Dozi | Kuanzia | Hadi |
|---|---|---|---|
| metformini | 500 mg mara 2 | 2023-10-03 | 2024-02-06 |
| metformini | 1000 mg mara 2 | 2024-02-06 | 2024-06-15 |
| metformini | 1000 mg mara 2 | 2024-07-02 | |
| glibenklamaidi | 5 mg mara 1 | 2024-04-02 | 2024-07-02 |
| glibenklamaidi | 5 mg mara 2 | 2024-07-02 | |
| amlodipini | 5 mg mara 1 | 2024-02-06 | |

Kisha kwenye karatasi ya ziara, safuwima ya "alizokuja anameza" inajijaza yenyewe:

```
=TEXTJOIN("; ",TRUE,FILTER(Dawa!A$2:A$40&" "&Dawa!B$2:B$40,
 Dawa!A$2:A$40<>"",
 Dawa!C$2:C$40<A2,
 (Dawa!D$2:D$40>=A2)+(Dawa!D$2:D$40="")))
```

Alama za kulinganisha ndizo zenye siri. Kwenye "kuanzia" ni `<` tupu, kwa hiyo dawa iliyoanza leo haihesabiwi leo. Kwenye "hadi" ni `>=`, kwa hiyo dawa iliyosimamishwa leo bado inahesabiwa, maana ndiyo aliyokuja nayo. Ile `<>""` ya mwanzo inazuia mistari mitupu isijazane kwenye jibu.

Fomula ina mpaka wake. Dawa ikikatika wiki tatu na kurudi siku mbili kabla ya kliniki, itaonekana kana kwamba ilikuwepo muda wote. Kwa hali hiyo lazima uandike kwenye maelezo.

Sasa mistari inasoma hivi, nikichukua ile yenye neno:

| Ziara | Hali | Sukari | Presha | Uzito | Alizokuja anameza |
|---|---|---|---|---|---|
| 2024-02-06 | bila kula | 9.4 | 152/88 | 78.0 | metformini 500 mara 2 |
| 2024-03-05 | bila kula | 7.8 | 138/84 | 77.4 | metformini 1000 mara 2; amlodipini 5 |
| 2024-04-02 | baada ya kula | 12.6 | 140/84 | 77.1 | zile zile |
| 2024-06-04 | bila kula | 5.2 | 134/82 | 79.2 | + glibenklamaidi 5 mara 1 |
| 2024-07-02 | bila kula | 10.9 | 138/84 | 78.6 | glibenklamaidi 5 mara 1; amlodipini 5 |
| 2024-08-06 | bila kula | 4.6 | 136/82 | 80.0 | metformini 1000 mara 2; glibenklamaidi 5 mara 2; amlodipini 5 |
| 2024-12-03 | bila kula | 4.4 | 134/80 | 80.8 | zile zile |

(Presha hapa nimeiunganisha tena, na dawa nimezifupisha, ili jedwali lienee. Kwenye faili ni safuwima mbili.)

Soma mstari wa Julai. Daktari aliona 10.9 kwa mtu ambaye, kwa mujibu wa daftari, anameza dawa zote. Akaongeza glibenklamaidi ikawa mara mbili kwa siku, na kwa alichokuwa nacho mbele yake hatua hiyo inaeleweka. Lakini kilichopungua ilikuwa metformini, nayo ilirudi siku ile ile. Kuanzia hapo akawa na dozi kamili ya metformini na glibenklamaidi iliyoongezwa maradufu. Glibenklamaidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala, kwa hiyo inaweza kushusha sukari kupita kiasi, na kuongezeka uzito ni jambo lake linalojulikana. Kutetemeka saa tano, michembe ya saa nne, kilo zinazopanda, sukari ya asubuhi inayoshuka hadi nne na kitu: vyote vinaanza baada ya Aprili na kuzidi baada ya Julai.

Mimi si tabibu. Sijamwambia aache kidonge chochote. Nilichomwambia ni kwamba Jumanne tunakwenda wote.

Jumanne, 4 Februari: kliniki

Nilichapa karatasi mbili stesheni, shilingi 200 kila moja: jedwali upande mmoja, grafu ya sukari za bila kula upande wa pili. Programu haikunipa njia rahisi ya kuonyesha siku ya kubadilisha dawa juu ya grafu, nikachora mistari ya wima kwa rula na kalamu nyekundu. Imetosha, tena inaonekana vizuri kuliko rangi za programu.

Toleo nililolipanga kwanza lilikuwa na safuwima zote, pamoja na vizio na namba za asili. Sista wa mapokezi aliliangalia akaniambia kwa upole, "Kaka, daktari hatasoma yote haya." Bahati nzuri nilikuwa na toleo fupi, lile la juu, likiwa na safuwima sita na maelezo ya mgonjwa pembeni. Toleo refu linabaki nyumbani kwa ajili ya ukaguzi.

Daktari aliweka kidole kwenye Julai bila kuelekezwa. Akamuuliza Mama Mkubwa moja kwa moja, "Mama, Juni metformini ulikuwa nayo?" Akajibu hapana. Akaulizwa tena juu ya kutetemeka, akaeleza. Daktari akasimamisha glibenklamaidi, akaendeleza metformini na amlodipini ya presha, akaandika kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari wa takribani miezi mitatu, na kreatinini ya kuangalia figo, kwa sababu figo zikiwa dhaifu glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu zaidi na hatari ya kushuka inaongezeka. Karatasi akaibandika kwenye daftari kwa stepla.

Jioni nilifunga mstari wa glibenklamaidi kwenye Dawa: hadi 2025-02-04.

Jumanne, 4 Machi

HbA1c ilitoka asilimia 6.7, kreatinini haikuwa na tatizo. HbA1c ina safuwima yake, iliyo tupu karibu kote, na haichorwi pamoja na sukari za asubuhi. Kwake kuna jambo la kukumbuka wakati wa kuisoma: wastani huo umechanganya asubuhi za kawaida na zile saa tano za kushuka, kwa hiyo uzuri wake peke yake haukuonyesha shida iliyokuwepo.

Sukari bila kula leo ni 7.3. Imepanda kama ilivyotarajiwa, na daktari ameridhika nayo.

Jumanne, 1 Aprili

Bila kula 7.6, presha 136/82, uzito 79.1 kwenye mizani ya kawaida. Daftari la nyumbani halina namba yoyote chini ya 90 tangu glibenklamaidi isimame. Michembe ya saa nne ameiacha mwenyewe, anasema njaa ile haiji tena.

Mjukuu sasa anaandika kizio kila mara, na ametengewa ukurasa wa nyuma wa kuandika siku dawa inapoisha. Tumekubaliana simu ipigwe siku pakiti inapobaki na vidonge vya wiki moja, si siku ya mwisho. Faili lina herufi tu badala ya jina, linafunguka kwa simu mbili, yangu na ya dada, na kiungo chake hakitumwi kwenye kundi la familia.

Kinachofuata ni mwaka 2023. Kurasa zake zimeloa maji na mihuri imefifia, na pakiti za dawa za mwaka huo hazipo. Nitaingiza sukari, presha na uzito tu, na safuwima ya "alizokuja anameza" kwa miezi hiyo itasomeka "haijulikani".